Tathmini ya haki ya utendaji kazi

Tathmini ya utendaji kazi ni zoezi ambalo msimamizi hupima, kwa maandishi, jinsi mfanyakazi alivyotimiza majukumu yake katika kipindi maalumu, mara nyingi mwaka mmoja. Matokeo yake hutumika kuamua upandishwaji cheo, mafunzo, kuthibitishwa kazini na wakati mwingine kuachishwa kazi. Kwa sababu hiyo alama isiyo ya haki inaweza kumgharimu mtu miaka kadhaa ya maendeleo yake.

Makosa mawili huharibu tathmini nyingi hata pale msimamizi asipokuwa na nia mbaya. La kwanza ni upendeleo wa mambo ya karibuni, yaani kupima mwaka mzima kwa kuangalia wiki chache za mwisho. La pili ni athari ya nuru, yaani kuacha sifa moja ya mtu iangaze juu ya sifa zake nyingine zote. Jina hilo linatokana na duara la nuru linalochorwa kuzunguka vichwa vya watakatifu katika picha za Kikristo. Kinyume chake huitwa athari ya pembe: kasoro moja hufunika mazuri yote.

Asili ya makosa haya

Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio yake juu ya kumbukumbu, aliyoyafanya kwa kujipima mwenyewe. Alionyesha kwamba mambo tuliyojifunza husahaulika haraka mwanzoni, kisha polepole. Watafiti waliofuata waliona pia kwamba mtu akisomewa orodha ya maneno na kutakiwa ayataje mara moja, huyakumbuka zaidi ya mwishoni na yale ya mwanzoni, huku ya katikati yakipotea. Kipindi cha tathmini si orodha ya maneno, lakini msimamizi anayejaza fomu mwezi Juni bila kumbukumbu ya maandishi yuko katika hali inayofanana na hiyo: Mei anaiona wazi, Oktoba imefifia.

Athari ya nuru ilipewa jina na Mmarekani Edward Thorndike katika makala ya mwaka 1920. Alichunguza alama ambazo maofisa wa jeshi waliwapa askari walio chini yao kwa sifa mbalimbali, zikiwemo umbo la mwili, akili, uongozi na tabia. Alama hizo zilifuatana mno. Aliyepewa alama ya juu kwa umbo alipewa ya juu pia kwa akili na uongozi, kwa kiasi ambacho hakiwezi kuelezwa na ukweli wenyewe. Thorndike alihitimisha kwamba maofisa hawakupima sifa moja moja, bali walikuwa na hisia moja ya jumla juu ya kila askari na kuipaka juu ya kila swali.

Mwaka 1977 Richard Nisbett na Timothy Wilson waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu filamu za mwalimu mmoja mwenye lafudhi ya kigeni. Kundi moja lilimwona akijibu maswali kwa uchangamfu, jingine likamwona akijibu kwa ubaridi. Waliomwona mchangamfu waliisifu pia sura yake na lafudhi yake; wengine waliona mambo hayohayo yanakera. Walipoulizwa, wanafunzi walikana kwamba kumpenda au kutompenda kuliathiri maoni yao. Hapo ndipo ugumu ulipo: mwenye kosa halioni, hivyo kumwambia tu msimamizi awe mwangalifu hakusaidii sana. Lazima utaratibu wenyewe wa kupima ubadilike.

Mfumo wa OPRAS nchini Tanzania

Katika utumishi wa umma wa Tanzania, hadi mwaka 2004 watumishi walipimwa kwa taarifa za siri za kila mwaka. Mkuu wa kazi aliandika, na mtumishi hakushiriki katika kuamua alama yake. Mwaka huo ulianzishwa mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, unaojulikana zaidi kwa kifupi chake OPRAS. Mtumishi na msimamizi walikubaliana malengo mwanzoni mwa mwaka wa fedha, yaani Julai, wakafanya mapitio ya nusu mwaka Desemba na tathmini ya mwisho Juni. Alama zilikuwa 1 hadi 5, 1 ikiwa ya juu kabisa na 5 ya chini kabisa. Kwa kila lengo palikuwa na alama tatu: ya mtumishi mwenyewe, ya msimamizi, na waliyokubaliana. Baadaye OPRAS ilipokewa na mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS.

Mapitio ya Desemba yalikuwa kinga nzuri dhidi ya kusahau, endapo kweli yalifanyika Desemba. Palipokuwa na mazoea ya kujaza sehemu zote za fomu kwa siku moja mwezi Juni, kinga hiyo ilikuwa ya karatasi tu. Sehemu iliyokuwa wazi zaidi kwa athari ya nuru ni ile ya sifa za utendaji bora, kama mahusiano kazini, mawasiliano, uwajibikaji na uadilifu. Maneno mapana ya namna hii hayana kipimo ndani yake, na msimamizi hujikuta akijaza safu nzima kwa tarakimu moja.

Nchini Kenya, Tume ya Huduma ya Walimu hutumia mfumo wa TPAD, ambao walimu hupimwa kwa mihula. Kipindi kifupi hupunguza mambo ya kusahau, ingawa huongeza makaratasi.

Daftari la matukio

Kinga inayofanya kazi vizuri kuliko zote dhidi ya upendeleo wa mambo ya karibuni ni kumbukumbu iliyoandikwa wakati jambo lilipotokea. Mmarekani John Flanagan alieleza mbinu ya kukusanya matukio muhimu katika makala ya mwaka 1954, iliyotokana na kazi ya kuchunguza marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Badala ya kuuliza kama rubani ni hodari, aliuliza alifanya nini hasa, katika hali gani, na nini kilifuata.

Ofisini, daftari la kawaida linatosha. Kila mfanyakazi huwa na kurasa zake, na kila ingizo lina tarehe, jambo lililofanyika na matokeo yake. Vivumishi kama mvivu, mzuri au mkaidi haviingii. "Tarehe 14 Agosti alikuta barua mbili zenye namba moja, akasahihisha rejesta kabla hazijapelekwa" ni ingizo. "Ni makini sana" si ingizo, ni hukumu.

Daftari nalo linaweza kupendelea. Msimamizi anayempenda mtu huandika mazuri yake, na anayemchukia huandika makosa. Dawa yake ni kuweka siku maalumu, kwa mfano Ijumaa ya mwisho ya mwezi, na kuandika angalau ingizo moja au mawili kwa kila mtu bila kuruka yeyote. Mwezi uliobaki mtupu unaonyesha kwamba msimamizi hakuangalia, si kwamba mfanyakazi hakufanya kazi. Aidha, jambo baya linaloandikwa liambiwe mhusika siku zilezile. Vinginevyo daftari linageuka kuwa taarifa ya siri kwa jina jingine.

Mfano wa masijala

Mfano huu ni wa kubuni. Masijala ya halmashauri ina makarani watatu. Karani wa kwanza anasajili barua zinazoingia, na lengo lake ni kila barua isajiliwe siku ilipopokelewa. Mwanzoni mwa mwaka walikubaliana kwamba msimamizi atakagua rejesta kwa siku tano za kila mwezi, zilizochaguliwa bila mpangilio, na kwamba asilimia 95 na zaidi ni alama 1, kuanzia 85 ni 2, kuanzia 70 ni 3, kuanzia 50 ni 4, na chini ya hapo ni 5.

Mwezi Mei na Juni barua zilichelewa mara nyingi, wakuu wa idara wakalalamika. Kwa kumbukumbu ya kichwani msimamizi angempa alama 4. Rejesta inasema mengine. Kuanzia Julai hadi Aprili, siku 48 kati ya 50 zilizokaguliwa zilikuwa sawa. Mei na Juni zilikuwa sawa siku 4 tu kati ya 10. Jumla ni siku 52 kati ya 60, yaani takriban asilimia 87, na alama ni 2. Daftari linaongeza sababu: kuanzia Mei karani wa tatu alikuwa kwenye likizo ya uzazi, hakuletwa mtu wa kushika nafasi yake, na kazi zake ziliongezwa kwa huyu.

Je, miezi miwili mibaya ifutwe? Hapana. Inaandikwa katika maoni pamoja na sababu yake, kwa kuwa uongozi unahitaji kujua kwamba masijala ilielemewa. Vivyo hivyo mgeni kazini aliyeanza vibaya akamaliza vizuri anastahili alama ya mwaka mzima, na maelezo kando yanayosema amepanda.

Karani wa pili hutuma barua zinazotoka. Ni mtanashati, huongea vizuri vikaoni, na barua zake hutoka kwa wakati siku 58 kati ya 60, hivyo alama 1 ni haki yake. Msimamizi alimpa 1 katika malengo yake yote matatu. Lakini orodha za majalada yaliyofungwa, zinazotakiwa kila robo mwaka, aliwasilisha kwa wakati moja tu kati ya nne. Na kati ya maombi 12 ya majalada yaliyofuatiliwa, 10 yalipatikana ndani ya dakika 15 zilizokubaliwa. Kwa vipimo vilevile alama zake ni 1, 5 na 3.

Safu ya alama zinazofanana ni ishara ya kutazama tena, si ushahidi kamili, kwani wapo watu walio hodari katika kila kitu. Kasoro huonekana pale ushahidi unapotofautiana na alama zisitofautiane. Msimamizi wa masijala hii angejisaidia kwa kubadili mpangilio: apime lengo moja kwa makarani wote watatu, aweke fomu kando, kisha aende lengo la pili. Anayemaliza fomu ya mtu mmoja kutoka juu hadi chini huibeba hisia ya swali la kwanza hadi la mwisho.

Mipaka

Kutawanya alama ili tu zisifanane si haki. Mwaka 1980 John Bernardin na Earl Pence walionyesha kwamba mafunzo yanayowaonya wapimaji dhidi ya kosa la nuru yalipunguza kufanana kwa alama, lakini usahihi wake ulishuka. Wapimaji walijifunza sura ya fomu nzuri bila kujifunza kutazama kazi.

Tatizo jingine ni uhamisho. Msimamizi akihamishwa Januari na kuondoka na kumbukumbu zake, mrithi wake anaijua nusu ya mwaka tu. Daftari linapaswa kuwa sehemu ya makabidhiano ya ofisi. Likikosekana, mrithi ataje katika fomu miezi aliyoishuhudia mwenyewe, na miezi ya kabla yake aipime kwa rejesta na taarifa za robo mwaka zilizobaki ofisini.