Faida ya asilimia ngapi, na ya nini?

Muuza kanga akisema, "Napata faida ya asilimia 25," sentensi yake haijakamilika. Asilimia 25 ya nini? Neno faida linatumika kwa hesabu mbili tofauti, na hapo ndipo mtaji unapoliwa.

Tuseme doti moja kainunua kwa shilingi 8,000, akaiuza 10,000. Amepata 2,000. Ukiilinganisha na bei ya kununulia, hiyo ni asilimia 25. Mimi naiita nyongeza. Ukiilinganisha na bei ya kuuzia, ni asilimia 20, na hiyo ndiyo faida ya mauzo. Fedha ni ileile, kigawanyo ndicho kimebadilika.

Sasa mteja anaomba apunguziwe. Muuzaji anakumbuka ile 25 yake, anapunguza asilimia 25 akidhani amerudi kwenye mtaji. Lakini punguzo hukatwa kwenye bei ya kuuzia: 10,000 inakuwa 7,500. Amepoteza 500, na huenda asijue mpaka siku ya kununua mzigo mwingine.

Kugeuza moja kuwa nyingine si kazi. Una nyongeza ya 25? Ijumlishe na 100, kisha gawa: 25 kwa 125, unapata asilimia 20. Unataka faida ya mauzo ya 20? Itoe kwenye 100, kisha gawa: 20 kwa 80, unapata nyongeza ya asilimia 25.

Basi, ndugu mfanyabiashara, ukitaja asilimia ya faida, malizia sentensi: ya bei ya kununulia, au ya bei ya kuuzia.