Upana wa Makadirio: Kijana Asiye na Cheti Ana Miaka Mingapi?

Kijana aliyetoka katika kundi lenye silaha huko Kalehe anafikishwa Bukavu bila cheti cha kuzaliwa. Kwa sheria ya Kongo ya Januari 10, 2009, mtu ni mtoto mpaka atimize miaka 18. Umri wake ndio utakaoamua kama ataonwa mtoto wa kulindwa au askari mtu mzima.

Daktari hupiga eksirei ya kiganja na kifundo cha mkono wa kushoto, kisha huilinganisha na atlasi ya Greulich na Pyle, iliyotokana na watoto wa Kizungu wa familia zenye uwezo huko Cleveland, Marekani, miaka ya 1930. Tuseme anaandika "miaka 18". Lakini mifupa ya vijana waliozaliwa siku moja haikomai siku moja. Katika rika hili hutofautiana kwa takriban mwaka mmoja, na ukitaka kuwaingiza vijana 95 kati ya 100 itakubidi ushuke miaka miwili na upande miwili: 16 hadi 20. Masafa hayo wengi huyaita "kiwango cha makosa". Mimi nasema "upana wa makadirio", kwa sababu mahakamani neno kosa humtafuta mkosaji, na hapa daktari hajakosea kitu.

Sasa tazama uamuzi. Ili tuwe na hakika kiasi hicho kwamba kijana amevuka 18, ncha ya chini ya upana ndiyo ivuke 18, yaani makadirio yafike 20. Picha ya mwisho ya wavulana katika atlasi ni ya miaka 19! Mfupa uliokwisha kuunga hauonyeshi kama mwenyewe ana 19 au 30, na wapo wanaoufikisha hapo kabla ya 18. Njaa na maradhi nayo huchelewesha mifupa. Ndiyo maana katika kesi ya Lubanga, iliyohusu watoto wa Ituri waliokuwa chini ya miaka 15, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliupokea ushahidi wa eksirei kwa tahadhari katika hukumu ya 2012. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilielekeza mwaka 2019 kwamba ushahidi usipotosha, shaka imfaidi kijana.

Bukavu ina kipimo kingine: tetemeko la Jumapili, Februari 3, 2008. Mama akisema mwanawe alikuwa anatambaa siku ile, tuchukue miezi 6 hadi 12: alizaliwa kati ya Februari na Agosti 2007. Upana ni nusu mwaka, si miaka minne. Ila kumbukumbu huweza kufundishwa na mwenye haja nayo, kwa hiyo mama aulizwe peke yake na shangazi peke yake, kabla hawajaonana.