Mstari Shingoni mwa Babu

Ukishasafisha picha ya zamani kwa saa tatu, macho yako yanakuwa mashahidi wabaya. Yameshazoea. Taya lililopinda yanaliona limenyooka kwa sababu yameishi nalo tangu asubuhi. Tatizo hili ni la kale kuliko kompyuta, na dawa yake pia.

Mwaka wa 1435, huko Italia, Leon Battista Alberti aliandika kitabu kuhusu uchoraji, akawashauri wachoraji wakague kazi zao kwenye kioo, kwa kuwa humo kasoro huonekana mbaya zaidi. Leonardo da Vinci, aliyezaliwa 1452, naye aliandika ushauri huo na kueleza sababu: kwenye kioo kazi yako imegeuka, kwa hivyo unaiona kana kwamba ni ya fundi mwingine. Akaongeza la pili: rudi nyuma uitazame ukiwa mbali. Itaonekana ndogo, jicho litaikamata yote kwa mara moja, na pasipolingana patajitokeza.

Sisi wa kompyuta bado tunafanya yayo hayo. Ila mchoraji ana ruhusa ya kubuni, sisi hatuna. Ndiyo maana tuna hatua ya tatu: kurudi kwenye picha asilia.

Chukua mfano huu. Jamaa mmoja aliniletea skani ya picha ya babu wa baba yake, iliyopigwa enzi za ukoloni, pamoja na nakala ambayo studio fulani ilikuwa imeisafisha. Alitaka kuichapisha kubwa aitundike sebuleni, akaniuliza tu kama iko sawa. Kwa kuitupia jicho, ilikuwa safi kabisa.

Kwanza niliigeuza. Kwenye Photoshop ni `Flip Canvas Horizontal`. Mara moja jicho moja likagoma: lilikaa juu kidogo ya lenzake. Ukungu ulikuwa umelila jicho hilo, na fundi akanakili lile zima, akaligeuza, akalibandika. Kilichomsaliti ni kimulimuli cha mwanga. Kwenye jicho halisi kilikuwa upande wa kushoto, kwenye la kubandika kikawa kulia, kana kwamba mzee alikuwa na jua mbili. Lakini tahadhari: hakuna uso ulio sawa pande zote mbili, kwa hivyo hata picha asilia ukiigeuza itakushangaza. Geuza zote mbili, kisha uzilinganishe.

Pili niliipunguza ikawa na ukubwa wa stempu. Ukiwa umeivuta karibu sana unaona vinyweleo, huoni mtu. Ilipokuwa ndogo, uso ulionekana mweupe kuliko shingo na mikono, kama barakoa. Na ukutani nyuma yake doa lilelile lilijirudia mara tatu, kwa sababu kiraka kimoja kilinakiliwa kuziba mikwaruzo yote.

Hizo ni kasoro za ufundi, na zinarekebishika. Ya tatu ndiyo iliyonikalisha kitako. Niliweka nakala iliyosafishwa juu ya skani, zikiwa na ukubwa mmoja na zimelingana sawasawa, nikachagua `Difference`. Palipo sawa panakuwa peusi, palipobadilishwa panang'aa. Zikiachana hata kidogo tu, kingo zote zitawaka na hutajua lolote. Jicho liking'aa, ukuta uking'aa, hayo nilitarajia. Lakini kifuani palikuwa na mstari mwembamba wenye umbo la V, na chini yake alama ndogo ya mstatili.

Nikarudi kwenye skani. Fundi aliona ufa na doa, akavifuta. Lakini ufa wa karatasi haujali kilichopigwa picha: hupita juu ya uso, shati na ukuta bila kupinda. Mstari huu ulitoka pande zote mbili za shingo, ukafuata mkunjo wa shati, ukawa na kivuli chake, na haukutoka nje ya mwili. Ilikuwa kamba. Na lile doa lilikuwa kikebe.

Kwa sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye miaka 16 na zaidi alilazimika kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake. Wengi waliivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Mzee alipigwa picha akiwa nacho. Mjukuu wa mwanawe alikuwa karibu kumtundika sebuleni bila hicho.

Tulirudisha kamba na kikebe kutoka kwenye skani, na mikwaruzo ya ukutani tukaiziba upya. Jamaa alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kikebe kinaweza kuvutwa karibu kionekane vizuri. Hakiwezi. Kwenye skani upana wake ni pikseli 14 tu. Lakini kipo.