Amu Aliyegeuka Mjomba

Katika mji wa Garissa watu wengi husema Kisomali nyumbani na Kiswahili sokoni, wala hawaoni taabu kutoka lugha moja na kuingia nyingine. Lakini kusema lugha mbili si kazi moja na kufasiri. Waliofundishwa kufasiri Kisomali kwa Kiswahili moja kwa moja ni wachache, na kwa sababu hiyo maandiko yanayosafiri baina ya lugha hizi mbili mara nyingi hupitia Kiingereza kwanza. Insha hii yaeleza jinsi mazoea hayo yalivyopata nguvu, ni kitu gani hupotea njiani, na jinsi msomaji wa historia awezavyo kukitambua kilichopotea.

Kiswahili kimeandikwa kwa karne nyingi. Kisomali kilipata herufi rasmi katika Somalia tarehe 21 Oktoba 1972. Kabla ya hapo palikuwapo namna kadha wa kadha za kukiandika, lakini karani wa serikali aliyetaka kuhifadhi maneno ya mzee wa Kisomali aliyaandika kwa lugha ya ofisi yake. Katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kama nchi hii ilivyoitwa wakati wa ukoloni, lugha hiyo ilikuwa Kiingereza. Mwaka 1962 serikali ya Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mmoja Mnaijeria na mwenziwe Mkanada, iwaulize wenyeji kama walitaka kubaki katika Kenya au kuungana na Somalia. Ripoti yao ilitolewa kwa Kiingereza, nasi hatuwezi kusoma humo sauti za wazee ila kwa lugha hiyo.

Kamusi nazo zilifuata njia ile ile. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ilifasiri Kiswahili kwa Kiingereza, na kamusi ya Abraham ya mwaka 1964 ilifasiri Kisomali kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyetaka kutoka Kisomali hadi Kiswahili ilimpasa kufungua vitabu viwili vilivyotungwa na watu wasioandikiana, na mahali vitabu hivyo vilipokutana palikuwa neno la Kiingereza. Ikiwa neno hilo lilikuwa na maana pana kuliko maneno ya pande zote mbili, maana yaliyeyuka papo hapo.

Na tuchukue mfano mmoja, tuufuate hatua kwa hatua. Tuseme shahidi wa Kisomali asimulia habari za kuuawa kwa mtu, naye asema kwamba adeer wake alitoa ngamia kwa ajili ya mag. Adeer ni ndugu wa baba, yaani amu au baba mdogo. Ndugu wa mama huitwa abti, na Waswahili humwita mjomba. Basi Kisomali na Kiswahili zote mbili zawatenga watu hawa wawili. Kiingereza hakiwatengi: wote wawili huitwa kwa neno moja, ambalo vijana wetu wa mijini hulitamka "anko". Mkalimani wa kwanza aandika neno hilo, wala hakukosea katika Kiingereza. Mfasiri wa pili, asiyejua Kisomali, aliona neno hilo na kuandika lile lililo jepesi kumjia, "mjomba". Yeye naye aweza kujitetea kwa kamusi.

Neno mag lapata msiba kama huo. Hiyo ni dia, malipo ambayo jamaa ya muuaji huwapa jamaa ya aliyeuawa. Kwa desturi maisha ya mwanamume hulipiwa ngamia 100. Mkalimani mwenye haraka huenda akatumia neno la Kiingereza lenye maana ya adhabu ya mali, na mfasiri wa pili akaandika "faini". Sasa sentensi yetu yasomeka hivi: "Mjomba wangu alitoa ngamia kulipa faini." Ni Kiswahili safi, nayo yaeleweka. Kwa hiyo hakuna aishukuye.

Lakini tazama yaliyobadilika. Mzigo wa mag huchukuliwa na jamaa wa upande wa baba. Adeer alilipa kwa kuwa ni wajibu wake. Mjomba ni mtu wa ukoo mwingine, na kama angalilipa, ingekuwa habari ya ajabu yenye kuhitaji maelezo. Tena faini hupokewa na serikali, ilhali dia hupokewa na wafiwa. Katika nchi hii tofauti hiyo ni nzito, maana sheria za kikoloni ziliruhusu serikali kuitoza jamaa nzima mifugo kwa makosa ya wachache. Msomaji wa Kiswahili atadhani kwamba serikali iliwaadhibu watu, kumbe shahidi alieleza jinsi watu walivyopatana wenyewe kwa wenyewe.

Huenda mtu akasema, "Na tuirudishe tafsiri katika Kiingereza, tulinganishe." Jaribio hilo halisaidii hapa. "Mjomba" akirudi katika Kiingereza atakuwa neno lile lile la kwanza, na mlinganishaji ataridhika. Kosa lililofichwa na daraja haliwezi kuonekana na mtu anayesimama juu ya daraja hilo hilo.

Ipo alama nyingine iliyo bora. Jina la Msomali kwa kawaida huwa na sehemu tatu: jina lake, la baba yake na la babu yake mzaa baba. Basi jina la pili la adeer, ambaye ni mwana wa babu huyo, litakuwa sawa na jina la tatu la shahidi. Ukiona "mjomba" ambaye jina lake la pili ni jina la tatu la msimulizi, shuku tafsiri. Alama hii si hukumu ya mwisho, kwa kuwa majina kama Mohamed na Ali ni ya watu wengi. Lakini yatosha kukutuma uulize neno la asili lilikuwa lipi.

Hata hivyo tusiitwike Kiingereza lawama zote. Kisomali kina maneno mawili ya "sisi": innaga, ambayo humwingiza anayeambiwa, na annaga, ambayo humwacha nje. Mzee aliyesimama mbele ya tume na kutumia annaga alikwisha kuwatenga wasikilizaji wake kwa neno moja. Kiingereza hakina tofauti hiyo, na Kiswahili pia hakina. Lakini anayefasiri moja kwa moja amelisikia neno lenyewe, naye aweza kuandika "sisi, bila ninyi". Anayefasiri kutoka Kiingereza hana habari kwamba palikuwa na chaguo.

Jambo hili halikuisha na ukoloni. Mwezi wa Aprili 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilianzia Garissa vikao vyake vya hadhara, na miongoni mwa mambo iliyochunguza ni mauaji ya Wagalla, karibu na Wajir, ya Februari 1984. Mashahidi wa Kisomali walisema kwa lugha yao kupitia wakalimani. Ripoti iliyokabidhiwa mwezi wa Mei 2013 iliandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi atakayeandika habari hizo kwa Kiswahili kutoka ripoti hiyo atakuwa mfasiri wa pili. Akikuta humo ndugu wa mzazi au malipo ya damu, na asimame kwanza, amtafute mtu ajuaye Kisomali, amwulize: huyu ni adeer au abti, na malipo haya yalikwenda kwa nani? Asipopata jibu, aandike "ndugu wa mzazi wake" na kuacha hapo, kuliko kumpa marehemu mjomba asiyekuwa wake.