Dai, Kielelezo na Aliyetajwa: Istilahi za Muhtasari wa Taarifa ya Siri

Mfanyakazi akiandika barua kueleza uovu anaoamini unatendeka kazini kwake, barua hiyo haifiki mezani kwa wakubwa jinsi ilivyo. Kwanza mtu mmoja huisoma yote na kuifanyia muhtasari wenye sehemu tatu: mambo yanayodaiwa, vielelezo vinavyotajwa kuyaunga mkono, na watu waliotajwa. Kiswahili cha magazeti kimezoea kumwita mwandishi wa barua mpuliza kipenga au mfichuzi, na sehemu tatu hizo kuziita tuhuma, ushahidi na washukiwa. Ninaona kwamba karibu kila neno katika orodha hiyo limetangulia uchunguzi kwa hatua moja. Kufichua ni kuweka wazi kitu ambacho tayari kipo. Anayemwita mtu mfichuzi amekwisha kukubali kwamba alichosema ni kweli. Mwenye kipenga uwanjani naye ana mamlaka ya kusimamisha mchezo, na mfanyakazi aliyeandika barua hana. Mtoa taarifa ni jina pungufu kwa utamu, lakini linasema kile tu tunachokijua: mtu ametoa taarifa. Vivyo hivyo, aliyetajwa hajawa mshukiwa mpaka kuwe na chombo kinachomshuku, na karatasi inabaki kuwa kielelezo kilichotajwa mpaka mtu aishike na kuipima. Hapo ndipo inapoweza kuitwa ushahidi.

Tuchukue taarifa ya kubuni kutoka taasisi ya umma mjini Eldoret inayogawa mbolea ya ruzuku. Mwandishi wake anasema: “Jumanne usiku nikiwa zamuni nilimwona meneja wa stoo na yule dada wa uhasibu wakipakia magunia 120 kwenye lori la rafiki yake. Hati ya kupokelea mzigo inaonyesha magunia 600 na tulipokea 480. Hawa wamekula jasho la wakulima miaka yote. Picha ninazo.” Msomaji mwenye haraka ataandika kwamba meneja na mwenzake waliiba magunia 120, na picha zipo. Atakuwa ameongeza neno wizi, ambalo mtoa taarifa hakulitumia, tena ni neno la mahakama. Kibaya zaidi, atakuwa ameunganisha madai mawili yasiyoungana kwa urahisi. Kama stoo ilipokea 480 tu, magunia 120 yanayokosekana hayakuingia kamwe, na yale yaliyopakiwa usiku ni mengine. Kama ni yale yale, basi yaliingia, na hesabu ya 480 ina kasoro. Huenda pia 480 ni hesabu iliyofanywa baada ya lori kuondoka. Mwandishi wa muhtasari hana kazi ya kuchagua. Anayaandika kama dai la kwanza na dai la pili, kisha anaongeza sentensi moja kwamba taarifa haielezi uhusiano wa tarakimu hizo. Sentensi hiyo itamfaa mchunguzi kuliko ukurasa mzima wa hasira.

Kwenye vielelezo, “picha ninazo” haimaanishi kwamba picha zimeletwa. Muhtasari useme: mtoa taarifa anaeleza kuwa ana picha, hazikuambatishwa, na hakusema zinaonyesha nini. Hati ya kupokelea mzigo imetajwa bila namba wala tarehe. Kuhusu kula jasho la wakulima, hilo ni dai la jumla lisilo na tukio, kiasi wala mwaka. Lisifutwe, kwa kuwa kulifuta ni kuamua kwamba halina maana. Liandikwe kwa maneno makavu kwamba mtoa taarifa anadai mwenendo huo ni wa muda mrefu. Na katika waliotajwa, watu watatu hawasimami pamoja. Meneja na mfanyakazi wa uhasibu wanadaiwa kupakia. Mwenye lori hadaiwi kufanya chochote. Gari lake limetajwa, na urafiki wake na meneja, kama “rafiki yake” ni wa meneja kweli, ni maelezo ya mtoa taarifa. Kuwapanga wote watatu chini ya kichwa “washukiwa” ni kumtia mtu matatani kwa sababu ana lori.

Yupo atakayesema kwamba dai nalo si neno safi, kwamba “anadai” masikioni mwa wengi ni sawa na “anasema lakini simwamini”. Pingamizi hili lina uzito. Dawa yake ni kutolirudia dai katika kila sentensi. Kichwa kikishasema kwamba yanayofuata ni madai, sentensi za ndani zinaweza kusema “taarifa inaeleza” au “kwa mujibu wa taarifa”. Kinachostahili kuepukwa ni “inasemekana”, kwa sababu hilo humwondoa msemaji na kuigeuza taarifa ya mtu mmoja kuwa uvumi wa mji, na “eti”, ambalo ni hukumu kwa herufi tatu.

Usiri ni mgumu zaidi, na hapa Kiswahili kinatusaidia mahali ambapo lugha nyingine zinakwama. Kiambishi a- hakisemi kama mtu ni mume au mke. Muhtasari unaweza kwenda kurasa tatu bila kufichua jinsia ya mtoa taarifa, ilimradi mwandishi asiingize “dada”, “mzee” au “mama” aliyoyakuta kwenye barua. Lakini sarufi haiwezi kuficha zamu. Ikiwa usiku ule waliokuwa zamuni ni walinzi wawili tu, maneno “nikiwa zamuni” yanatosha kumtaja mmoja wao. Hata “alishuhudia mwenyewe” hupunguza watu wanaoweza kudhaniwa. Maelezo hayo yabaki katika faili la asili linalosomwa na wachache, na nakala inayozunguka iseme kwamba msingi wa maelezo unajulikana na mpokeaji. Misemo ya mtu nayo ibadilishwe, maana wenzake wa kazi wanaweza kuitambua sauti yake katika nusu ya sentensi.

Kenya ina mfano mchungu wa hatari hii. David Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu katika idara iliyoshughulikia fidia za mauzo ya nje, ambako kampuni ya Goldenberg International ililipwa kwa ajili ya dhahabu na almasi ilizosema imeuza ng’ambo. Mwaka 1993 nyaraka alizozitoa ziliwafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa na kushtakiwa chini ya sheria ya siri za serikali. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara. Karatasi za namna ile hupita mikononi mwa watu wachache, hivyo zenyewe humwelekeza msomaji kwenye meza zilikotoka.

Tangu wakati huo sheria zimekuja. Kifungu cha 65 cha sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003 kinamkinga mtoa taarifa dhidi ya hatua za kinidhamu, isipokuwa kama yeye mwenyewe hakuamini aliyoyasema, na kuitaka mahakama iondoe au ifiche katika nyaraka mambo yanayoweza kumtambulisha. Kifungu cha 21 cha sheria ya hongo ya mwaka 2016 kinamtisha anayemnyanyasa kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi mwaka mmoja. Wengine huzitumia sheria hizi kusema kwamba muhtasari uandike kila kitu, sheria itamlinda. Lakini adhabu huja baada ya madhara, na meneja aliyekwisha kujua ni nani hahitaji kumfukuza. Anaweza kumbadilishia zamu mpaka achoke.

Wengine wanasema kinyume chake: ukiondoa zamu, siku na jinsia, mchunguzi atabaki na nini? Atabaki na hati. Anayetaka kuhakiki magunia 600 asiombe hati hiyo moja peke yake, kwa kuwa ombi lenyewe litamweleza meneja kila kitu. Aombe hati za kupokelea na za kutolea mizigo za msimu mzima, kutoka stoo kadhaa, kama wakaguzi wanavyofanya siku zote, kisha alinganishe idadi na daftari la lango. Muhtasari mzuri humwezesha kufanya hivyo kwa kutaja aina ya hati, bidhaa na kipindi kipana. Siku na zamu iliyotajwa atazikuta ndani ya faili lililofungwa, atakapozihitaji kweli.