Ndizi mbichi au mbivu? Tofauti ya sukari na namna ya kupika mkono wa tembo

Kila Ramadhani ikikaribia, swali hili hurudi barazani Mji wa Kale. Mwenye sukari aambiwa na jirani, "Wewe ndizi mbivu acha, kula mbichi tu, hiyo haina sukari." Mama yangu mkubwa alilishika neno hilo. Futari ya kwanza alikula bakuli zima la ndizi mbichi za nazi, na mkate wa kumimina kando yake. Alipopima baada ya saa mbili, kipimo kilikuwa juu kuliko siku aliyokula mbivu. Alisema mashine imeharibika. Mashine ilikuwa nzima. Lililokosewa ni hesabu.

Nazungumzia hapa mkono wa tembo, ile ndizi ndefu nene yenye pembe tunayoipata Marikiti na Kongowea. Si kisukari ya kula mkononi, wala si matoke ya bara. Matoke ni aina nyingine, na ikiiva huwa laini na haifai kwa mapishi ya mbivu tunayoyajua sisi.

Kinachobadilika ndani ya ndizi

Ndizi ikikatwa mtini ni ghala la wanga. Inavyokaa, vimeng'enya vyake vyenyewe huuvunja wanga ule kidogo kidogo na kuugeuza sukari. Ndiyo maana ganda hutoka kijani, likawa manjano, kisha likaingia madoa meusi, na nyama ya ndani ikalainika na kuwa tamu. Hakuna aliyetia sukari; ni wanga uleule uliobadili sura.

Tuchukue ndizi moja ambayo ikishamenywa ina uzito wa gramu 200. Ikiwa mbichi, ina takriban gramu 70 za wanga na sukari kwa pamoja, na katika hizo sukari ni kama gramu 4 au 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Ikiwa mbivu, jumla hukaribia gramu 64, lakini sukari hufika kama gramu 35, sawa na vijiko vinane au tisa. Kwa hivyo jirani hakusema uongo wote. Sukari ya mbichi ni chache kweli. Bali jumla ni karibu ileile, na wanga ukishapikwa na kuingia tumboni nao huwa sukari ya damu.

Tofauti iliyopo ni ya mwendo. Sehemu ya wanga wa ndizi mbichi ni mgumu kumeng'enywa; hupita utumbo mdogo bila kuvunjwa, ukafanya kazi kama ufumwele. Kwa hivyo mbichi kwa kawaida hupandisha sukari polepole kuliko mbivu. Lakini moto hupunguza ugumu huo sana. Ndizi iliyochemka ikalainika si kama ile iliyokuwa kapuni. Mama mkubwa alikula ndizi mbili nzima, gramu 140 za wanga, kabla hata ya kuhesabu mkate. Mwendo wa polepole hauponyi mzigo wa namna hiyo.

Kipimo cha kushika ni hiki: nusu ya mkono wa tembo, mbichi au mbivu, ni sawa na slesi mbili za mkate na zaidi kidogo. Ukila nusu ndizi, punguza mkate au wali kwa kiasi hicho. Anayetumia dawa za sukari na anataka kufunga, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama.

Ndizi zote mbili zina potasiamu nyingi. Kwa mwenye figo nzima hilo ni jema. Mwenye maradhi ya figo aliyekatazwa potasiamu asidhani mbichi ni salama kwake. Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza kiasi fulani, lakini katika mapishi ya tui maji hayamwagwi, potasiamu yote hubaki sufuriani.

Mbichi: chumvi kwanza, ukwaju mwisho

Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, kwa sababu utomvu wake hunata na doa lake halitoki nguoni. Kata ncha mbili, pasua ganda kwa urefu juu ya pembe zake, kisha libandue kwa kidole gumba. Tia vipande katika maji ya chumvi mara moja, la sivyo vitakuwa vyeusi.

Kwa ndizi za nazi na samaki au nyama, chemsha vipande kwa tui la pili jepesi, chumvi, kitunguu, bizari na pilipili nzima mpaka kisu kipite bila kukwama. Nyama iwe imeshachemshwa kando; samaki awe amekaangwa au kuchomwa. Hapo ndipo utie ukwaju, ndimu au embe mbichi. Ukitia ukali mapema ndizi hukawia kulainika. Utachemsha mpaka mchuzi ukauke, na katikati kubaki pagumu kama gogo. Wengi hulaumu ndizi kumbe kosa ni la ukwaju. Tui zito liingie mwisho kabisa, moto mdogo, uteke mchuzi na kuurudisha ili lisikatike.

Mbivu: madoa, na sukari baada ya kuonja

Kwa ndizi mbivu za tui, chagua yenye ganda la manjano lenye madoa meusi, ukiibonyeza inaitika lakini haizami. Iliyo manjano tupu bado ina ukakasi. Iliyo nyeusi mwili mzima itavunjika ikawa uji, hiyo ikaange.

Menya, kata vipande viwili au vitatu, vipasue kwa urefu na utoe ule uzi wa katikati. Vipange sufuriani, mwaga tui la pili, tia iliki na chumvi kidogo sana, funika. Usikoroge; shika masikio ya sufuria uitikise. Zikilainika tia tui zito, acha litokote kidogo, epua.

Sukari ndiyo penye mtihani. Wengi wetu hutia nusu kikombe kwa ndizi nne kwa mazoea, bila kuonja. Nusu kikombe ni kama gramu 100, yaani kila ndizi imeongezewa gramu 25 juu ya zile 35 zake. Ndizi yenye madoa haihitaji hata kijiko. Onja kwanza, na ukiona utamu umepungua, ongeza iliki kabla ya sukari. Ukilazimika kutia sukari nyingi, basi ndizi zako hazikuiva. Zingengoja siku mbili.

Kukaanga nako kuna hesabu yake. Mbivu ina sukari, kwa hivyo huungua upesi: mafuta yawe ya moto wa wastani, vipande vinene kama kidole. Mafuta yakiwa makali, nje huwa nyeusi na ndani bado. Mbichi hustahimili moto mkali zaidi, ndiyo inayofaa kukatwa nyembamba kama kachiri. Zote hunywa mafuta, na mwenye sukari anayekwepa tamu akakimbilia kachiri ameongeza mzigo mwingine.

Mama mkubwa sasa hula nusu ndizi mbivu yenye madoa, tui jepesi, bila sukari, na mkate ameuacha usiku huo. Kipimo chake cha baada ya saa mbili kimeshuka. Mashine ni ileile.