Barua pepe ya makaribisho na ratiba ya wiki ya kwanza (kazi ya mbali)

Ni barua ambayo kampuni isiyo na ofisi humtumia mwajiriwa mpya kabla hajaanza kazi, pamoja na mpango wa siku zake tano za mwanzo. Kwa kuwa hakuna mapokezi wala jirani wa meza ya pili wa kuuliza, barua hii ndiyo mlango wenyewe.

Hutumwa kwenye anwani binafsi ya mwajiriwa, siku chache kabla. Ikipelekwa kwenye anwani mpya ya kazini inakuwa sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba: maelekezo ya kufungua akaunti yamo ndani ya akaunti isiyofunguliwa. Nywila haiandikwi humo. Huwekwa kiungo cha kujitengenezea nywila, na namba ya simu ya mtu mmoja wa kupigiwa kiungo kikigoma.

Kinachokosewa zaidi ni saa. Chukua mwajiriwa aliyeko Mwanza, msimamizi wake yuko Berlin, na kazi inaanza Jumatatu, Machi 30, 2026. Kikao cha timu hufanyika kila siku 9:00 asubuhi kwa saa za Berlin. Barua iliyoandikwa wiki mbili nyuma ilisema, kwa usahihi wa siku ile, kwamba kikao ni saa 5 asubuhi kwa Mwanza. Lakini Jumapili ya Machi 29 Ulaya inasogeza saa mbele, Tanzania haisogezi, na kikao kinakuwa saa 4 asubuhi. Mgeni anaingia watu wakiagana. Tena, “saa 4” ya Mswahili ni 10:00 kwenye skrini, kwa hiyo mwandishi makini huandika zote mbili.

Ratiba yenyewe haina haja ya kujaa. Jumatatu ni ya akaunti na mazungumzo ya nusu saa na msimamizi. Jumanne ni ya kuonana na mwenyeji, yaani mfanyakazi wa zamani aliyepewa jukumu la kujibu hata maswali madogo. GitLab, kampuni isiyo na ofisi, humpa mgeni mwenyeji wa namna hiyo pamoja na orodha ya kazi za kutiki. Jumatano inafaa kuwa na kazi ndogo ya kweli, kama kusahihisha ukurasa wa mwongozo uliopitwa na wakati, kwa sababu kazi hiyo ndiyo inayofichua ruhusa zilizosahauliwa. Ijumaa ni ya kupitia wiki.

Mgeni akifika Jumatano hajauliza swali hata moja, usidhani mambo yamemnyookea. Mara nyingi amekwama na anaona haya kuandika mbele ya watu asiowajua. Mwenyeji ampigie.

Kuhusu saa, dawa ni kutuma kila kikao kama mwaliko wa kalenda. Mwaliko hufuata mabadiliko ya Berlin wenyewe; saa iliyoandikwa ndani ya barua hubaki ilivyoandikwa.